Apu hujifunga unapoingia? Jinsi ya kuipa simu ndogo nafasi

MKULIMA wa Mkongani, katika Kaunti ya Kwale, amepata simu ya bei nafuu na anataka kuitumia kutazama akaunti yake ya benki. Anaifungua apu, anaandika nambari yake ya simu na nywila, kisha anaambiwa asubiri nambari ya siri itakayotumwa kwa ujumbe mfupi. Anatoka kwenda kuusoma ujumbe. Anaporudi, apu imeanza upya na kumtaka aandike kila kitu tena. Anaomba nambari nyingine, na mambo yanakuwa yale yale.

Mara nyingi hitilafu hii haitokani na mtandao wala na nywila isiyo sahihi. Chanzo ni uhaba wa kumbukumbu ya kazi, ile iandikwayo RAM katika orodha ya sifa za simu. Kumbukumbu hiyo ni kama meza ya fundi, ambapo huwekwa tu vile vinavyotumika kwa wakati huo. Picha, video na apu zenyewe hukaa kwenye hifadhi, ambayo ni mithili ya ghala. Simu yaweza kuwa na ghala la 32GB ilhali meza yake ni ya 2GB tu, na sehemu kubwa ya meza hiyo imekwisha kukaliwa na mfumo wa Android wenyewe.

Meza inapojaa, Android huzifunga apu zisizo mbele ya macho ya mtumiaji. Mkulima alipofungua ujumbe, apu ya benki ilirudi nyuma, nayo ikafungwa ili kupisha nyingine. Dalili ya hali hii ni kwamba apu hujifunga kimya kimya, bila onyo lolote. Iwapo kwenye kioo hutokea maneno "keeps stopping", hilo ni tatizo jingine, litakaloelezwa hapa chini.

Hatua ya kwanza ni kuizima simu na kuiwasha upya, kisha kusubiri kama dakika mbili ili apu zinazojiwasha zenyewe zitulie. Baada ya hapo ifunguliwe apu inayohitajika pekee. Kama kuna apu nzito ambayo haiachi kufanya kazi, ingia Settings, kisha Apps, uichague na kubonyeza Force stop. Haitafutika; itafungwa tu hadi utakapoifungua tena.

Hatua ya pili ndiyo huokoa wengi: usitoke ndani ya apu. Ujumbe unapoingia, vuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo, usome nambari hapo hapo na kuiandika kwenye karatasi, kisha ulipandishe pazia. Apu itakuwa ingali mbele. Ukiwa umeomba nambari zaidi ya mara moja, tumia ile ya mwisho, kwa maana kwa kawaida mpya huifuta iliyotangulia.

Ghala nalo likijaa huleta shida, kwa sababu apu huhitaji mahali pa kuandika kumbukumbu kwamba umeingia. Simu ikionyesha kuwa imebakiwa na megabaiti chache tu, anza na video za WhatsApp. Ingia Settings ya WhatsApp, kisha Storage and data, halafu Manage storage, na ufute zile kubwa usizozihitaji. Katika apu nyingine, bonyeza Clear cache, ambayo huondoa mabaki ya muda pekee. Tahadhari na Clear storage au Clear data: hizo hufuta kila kitu apu ilichohifadhi kwenye simu, na huenda zikakulazimu kujisajili upya.

Ikiwa apu yaanguka pale pale kila mara hata baada ya hatua hizi, huenda kumbukumbu si tatizo. Apu nyingi huonyesha ukurasa wa kuingilia kupitia kijenzi cha Android kiitwacho Android System WebView. Mnamo Machi 2021, toleo lenye kasoro la kijenzi hicho liliangusha apu nyingi duniani, Gmail ikiwemo, hadi Google ilipotoa toleo lililorekebishwa. Ingia Play Store, usasishe kijenzi hicho, Chrome na apu yenyewe.

Kuna kikomo lakini. Kusafisha simu hakuongezi ukubwa wa meza. Kuanzia Android 13, iliyotoka 2022, hata toleo jepesi la Go lilitengewa simu zenye angalau 2GB. Mwenye 1GB huenda asifaulu kamwe na apu kubwa. Kwake yeye, njia ya nyota haihitaji apu yoyote: *334# hufungua huduma za M-Pesa hata kwenye simu ya vibonyezo, na benki nyingi zina nambari zao za aina hiyo. Hiyo ni salama kuliko kuazima simu ya mwingine na kumwachia nambari ya siri.