TXD 306, SARO 5 au 'Saro' tu? Jina la mbegu linapovuka lugha

IFAKARA. Mkulima wa bonde la Kilombero akiingia duka la pembejeo kabla ya mvua za kupandia, hasemi anataka TXD 306. Anasema, "Nipe Saro." Muuzaji anaelewa na mfuko unashushwa. Kwenye lebo kuna maandishi mengine: SARO 5, na mara nyingi TXD 306 pembeni yake.

Majina matatu, mbegu moja ya mpunga. Asiyejua hilo anaweza kukataa mbegu aliyokuja kuinunua. Au kinyume chake, akabeba kitu kingine kwa sababu tu kimeitwa Saro, na hilo atalijua miezi mitatu au minne baadaye, mpunga ukiwa umeshasimama shambani.

Swali la kutafsiri jina au kuliacha lilivyo huonekana kama la watu wa vitabu. Kilombero ni swali la shamba.

Msimbo, kifupi, kisha jina

Mbegu hii iliidhinishwa mwaka 2002. Ni matunda ya utafiti wa mpunga mkoani Morogoro, ambako kituo cha Ifakara kilijulikana kwa miaka mingi kama KATRIN na sasa ni tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI.

TXD 306 ni jina la mtafiti. Uzuri wake ni kwamba halina maana yoyote, kwa hiyo halibadiliki ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza au Kifaransa. Ubaya wake ni huohuo: halishikiki kichwani. Zipo pia TXD 85 na TXD 88, na mtu akiagiza kwa simu ni rahisi 306 ikageuka 360.

Ndipo likaja SARO. Hiki ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba mchele wake unanukia kiasi, si sana kama Supa ya zamani. Kwa mkulima asiyejua Kiingereza, maana hiyo imejificha kabisa. Kilichobaki ni sauti mbili nyepesi, sa na ro, zinazokaa vizuri mdomoni kama jina la mtu.

Sasa jaribu kulitafsiri. Neno kwa neno unapata "nusu harufu", na hapo biashara imekufa. Kwa Kiswahili cha kila siku, kitu kikisemwa kina harufu, msikilizaji anakunja pua kwanza. Chakula kizuri hakina harufu, kinanukia. Ukitaka kusema ukweli wa mbegu hii kwa heshima lazima useme "unaonukia kiasi", na hayo ni maelezo, hayafai kuwa jina. Pia yangemkumbusha mnunuzi kila siku kwamba kuna mchele unaonukia zaidi.

Kwa hiyo aliyeliacha SARO bila kulitafsiri alifanya vizuri, hata kama hakukusudia. Sifa za mbegu zilisambaa zenyewe: shina fupi lisiloanguka ovyo, kukomaa mapema kuliko Supa, na mavuno yanayoweza kufika tani 6 kwa hekta maji na mbolea vikiwepo.

Jina lenye maana linavyoyeyuka

Supa ndiyo fundisho la upande wa pili. Ni neno la Kiingereza lililovaa tahajia ya Kiswahili, na lilikuwa jina la mbegu: ndefu, yenye kunukia, inayochelewa kukomaa. Tatizo ni kwamba neno lenyewe ni sifa. Sokoni Dar es Salaam "mchele supa" limekuwa daraja, maana yake mchele mzuri, uwe umetoka kwenye mbegu gani. Mnunuzi hawezi tena kudai kwamba amedanganywa, maana kila muuzaji mchele wake ni supa.

Jina la mbegu likiwa neno la kawaida la kusifia, lugha inalimeza. Saro halijamezwa namna hiyo kwa sababu nje ya mpunga halina kazi nyingine.

Katikati ya hizo mbili kuna njia ambayo imefanya vizuri: kuchukua neno la Kiswahili lenye maana, lakini lisilosifu mchele wenyewe. Mwaka 2013 mbegu mbili kutoka taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, ziliidhinishwa Tanzania. Msimbo IR05N221 ukaitwa Komboka, na IR03A262 ukaitwa Tai. Hakuna anayeuza "mchele tai" akimaanisha mchele mzuri. Komboka imelimwa pia Kenya kwa jina hilohilo, na huko halikuhitaji mkalimani.

Kilombero ya Malawi

Jina la bonde lenyewe limesafiri mbali kuliko wengi wa wakazi wake. Malawi, hasa Karonga kaskazini mwa nchi, kuna mpunga unaonukia unaoitwa Kilombero. Jina limetoka bonde hili la Tanzania. Halikutafsiriwa na halikufupishwa.

Kutoka huko limevuka bahari. Mjini Paisley, Uskoti, kuna wafanyabiashara wa biashara ya haki wanaouza mchele wa wakulima wa Malawi, na mfuko umeandikwa Kilombero. Mskoti hajui maana yake na wala hahitaji. Kwake ni jina la mchele mtamu.

Faida ya kuliacha jina lilivyo inaonekana hapo. Lakini na gharama ipo. Jina la mahali huahidi asili. Kwa mtu wa Ifakara, "mchele wa Kilombero" ni mchele uliolimwa Kilombero. Kwa mtu wa Lilongwe ni aina ya mpunga. Siku kikundi cha wakulima wa Ifakara kitakapotaka kuuza nje mchele wake kwa jina la nyumbani, kitakuta jina hilo tayari lina maana nyingine sokoni. Kwa kikundi kama hicho kulitafsiri hakusaidii kitu. Kitalazimika kuandika nchi waziwazi pembeni ya jina.

Wakenya wana kisa kinachofanana na hicho. Pishori, mchele maarufu wa Mwea, kwa kawaida huelezwa kuwa ni Peshawar, mji wa Pakistan, baada ya kupita midomo mingi. Huko jina lilibadilika sauti kiasi kwamba anayekula hafikirii Pakistan tena. Kilombero halikubadilika kwa sababu matamshi yake ni mepesi kwa lugha za jirani.

Pale tafsiri ilipohitajika

Lipo jambo moja la mpunga ambalo kuliacha kwa lugha ya kigeni kungekuwa kosa, nalo ni kilimo shadidi.

Njia hii ilianzia Madagaska miaka ya 1980 kwa padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza herufi za mwanzo zinaangukia palepale, SRI, hivyo wazungu hawakusumbuka. Kiswahili hakikuweza kuzihifadhi, likachaguliwa "kilimo shadidi cha mpunga". Katika vijiji vinavyolizunguka shamba kubwa la Mngeta, wakulima wadogo walifundishwa njia hiyo pamoja na mbegu ya Saro.

Hapa jina halitambulishi kitu cha kununua. Linamwambia mtu afanye nini, na herufi tatu za kigeni hazimwambii chochote. Tafsiri ilikuwa lazima.

Ila neno lililochaguliwa lina kasoro. Shadidi ni nguvu, ukali, kuzidisha. Mkulima analisikia na kuhesabu gharama: mbegu zaidi, maji zaidi, pesa zaidi. Kumbe njia yenyewe ni ya kupunguza. Miche inahamishwa ikiwa na siku 8 hadi 12 badala ya wiki tatu au zaidi, mche mmoja kila shimo badala ya kadhaa, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji yanaingizwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kutuama muda wote. Kinachozidi ni palizi na uangalizi. Jina kama "mche mmoja" lingemfundisha mtu nusu ya kazi kabla hajafika shamba darasa. Shadidi limeshakaa, na kulibadilisha sasa kungeleta mkanganyiko zaidi, lakini afisa ugani anayeanza kwa kulifafanua anajiokolea maswali mengi.

Sheria inasema nini

Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Mkataba wake una kifungu kizima cha majina, cha 20. Kwa mbegu iliyosajiliwa kulindwa, msimamo ni mmoja: jina moja katika nchi zote wanachama, isipokuwa pale ambapo halifai katika nchi fulani. Kuliandika kwa herufi za lugha nyingine ni sawa. Kwa kawaida haliruhusiwi kuwa namba tupu, wala lisimpotoshe mtu kuhusu sifa au asili ya mbegu. Muuzaji anaweza kuongeza jina lake la kibiashara, la lugha yoyote, lakini jina lililosajiliwa lazima lionekane wazi.

Hiyo ndiyo nafasi ya kutafsiri: jina la kibiashara lifasiriwe linavyotaka, jina la mbegu liguswe kidogo iwezekanavyo.

Dukani na kwenye simu

Kwa mkulima, hatari iliyo karibu ni nyepesi zaidi kuliko mikataba. Bonde lina watu wa lugha nyingi, na wapo ambao r na l kwao ni sauti moja. "Salo" mdomoni haina shida, kila mtu anaelewa. Shida ni ujumbe wa simu unaoagiza "salo kilo 20" kwa muuzaji wa mbali asiyemjua mwagizaji. Hapo ule msimbo usiopendeza unapata kazi: SARO 5 (TXD 306), kilo 20. Jina likikosewa, namba inarekebisha, na namba ikikosewa jina linaokoa.

Hatari kubwa zaidi ni Saro isiyo na lebo. Mpunga uliovunwa na kurudishwa shambani misimu kadhaa huendelea kuitwa Saro hata ukishachanganyika. Unajitambulisha wenyewe: mimea ya vimo tofauti katika jaruba moja, mingine ikichanua wakati mingine bado, mirefu ikilala kwa upepo. Mbegu iliyothibitishwa, au ile ya daraja la kuazimiwa inayozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi, hubeba lebo ya Taasisi ya Uthibitisho wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Kwenye lebo hiyo jina linaandikwa kama lilivyosajiliwa, na hilo ndilo la kulinganisha na neno la muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni.