Watu Kumi kwa Marehemu Mmoja: Kadishi ya Wafiwa na Wayahudi wa Uganda

Mimi ni mzaliwa wa Bugoye, Kasese. Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba sinagogi kuu la Wayahudi wa Uganda liko Nabugoye, nilidhani ni kwetu na kwamba mwandishi amekosea herufi. Kumbe Nabugoye ni kilima karibu na Mbale, upande wa pili wa nchi. Kosa hilo ndilo lililonifikisha kwenye mada hii. Mwaka huo tulikuwa tumemzika babu, na nilitaka kujua wenzetu wa Mbale humwombeaje marehemu wao.

Sala yenyewe huitwa kadishi. Imetungwa kwa Kiaramu, lugha ambayo Wayahudi wa kale waliizungumza nyumbani. Nilichoshangaa ni kwamba haitaji kifo, kaburi wala jina la marehemu. Inalitukuza jina la Mungu, inaomba ufalme wake uje upesi, na inamalizika kwa kuomba amani. Mfiwa husimama na kuitamka, na waliopo humwitikia. Kiitikio ndicho kiini chake. Aliyeondokewa na mzazi angekuwa na sababu ya kumlalamikia Mungu, lakini ndiye anayewaongoza wengine kumsifu. Desturi ya wafiwa kuisema ilienea Ujerumani katika karne ya 12 na 13, baada ya mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita vya Msalaba. Sala yenyewe ni ya zamani zaidi.

Mtoto humsomea mzazi wake kwa miezi 11, katika sala za kila siku. Kwa mke, mume, ndugu au mtoto, maombolezo ni siku 30. Kwa nini 11 na si 12? Walimu wa kale walifundisha kwamba waovu huhukumiwa kwa miezi 12 baada ya kufa. Mtoto akiendelea hadi mwezi wa 12, ni kama anatangaza kwamba baba yake alikuwa mwovu. Kwa hiyo anaacha mapema, kwa heshima.

Tuchukue mfano wa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyetahiriwa mwaka 1919 na kuanzisha jamii ya Abayudaya. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Kama ilikuwa mchana, kwa kalenda ya Kiyahudi ni tarehe 11 ya mwezi wa Kislevu, mwaka 5689. Mwaka huo ulikuwa na miezi 13, kwa hiyo ukihesabu miezi 11 kutoka siku hiyo unafika tarehe 10 Tishri, yaani 14 Oktoba 1929, ambayo ni Siku ya Upatanisho. Kumbukumbu ya mwaka, ambapo kadishi husemwa tena, ingeangukia 13 Desemba 1929 na si 24 Novemba. Anayefuata kalenda ya ukutani hukosea siku.

Hii ni hesabu yangu tu, sisemi kwamba ilifanyika. Kakungulu aliufikia Uyahudi kwa kuisoma Biblia, na kadishi haimo katika Biblia. Sala za namna hii huhitaji mwalimu au kitabu cha sala kutoka nje.

Tena zinahitaji watu. Bila watu wazima kumi kadishi haisemwi. Mfiwa aliye peke yake anaweza kusoma zaburi au kutoa sadaka, lakini sala hii inabaki kimya kwa sababu hakuna wa kuitikia. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa miaka ya Idi Amin. Alipopiga marufuku dini hiyo na masinagogi yakafungwa, jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na kama 300. Mtu mmoja anaweza kusali kwa siri chumbani mwake, lakini watu kumi wakikusanyika majirani huona.

Hadi leo swali la nani anahesabiwa halijaisha. Nabugoye, chini ya Rabi Gershom Sizomu aliyepata daraja hilo mwaka 2008, wanawake huhesabiwa na binti anaweza kumsomea baba yake. Putti, kijiji kingine cha jirani na Mbale, wanafuata mkondo wa Kiothodoksi na kumi ni lazima wawe wanaume. Chukua msiba wenye wanaume tisa na wanawake wanne: Nabugoye wataanza mara moja, Putti watamtuma kijana barabarani kumtafuta wa kumi. Mimi, kama mjukuu wa kike, naegemea upande wa Nabugoye, ingawa nakubali kwamba Putti wana karne nyingi za desturi nyuma yao.

Kwenye matanga ya babu watu walikuja wengi bila mtu kuwahesabu. Mwezi wa tatu nilirudi nyumbani, nikamkuta bibi ameketi peke yake uani. Nilifikiri juu ya wale kumi, wanaotakiwa kuja kila siku kwa miezi 11.