Utumbo ukiziba, dawa ya chango haifunguliwi: mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji

TUMBO linalouma kwa vipindi, kutapika kusikokoma, tumbo kujaa na kukosa choo pamoja na hewa ni dalili nne ambazo zikikutana kwa mtu mmoja huashiria kuwa njia ya chakula imeziba. Hali hiyo haisubiri asubuhi, kwani sehemu ya utumbo iliyokosa damu inaweza kuanza kufa katika muda wa saa sita hivi.

Pamoja na hayo, wagonjwa wengi wa tatizo hili huanzia nyumbani, wakidhani wana chango, malaria au homa ya matumbo. Wengine hupewa dawa za kuharisha ili "tumbo lifunguke", jambo ambalo huongeza hatari.

Ili kuelewa sababu, chukulia mfano wa mkulima wa mbaazi na mahindi mwenye umri wa miaka 45, anayeishi pembezoni mwa mji wa Babati, mkoani Manyara. Kwa miaka mitatu amekuwa na uvimbe kwenye kinena cha kulia. Akisimama au kukohoa uvimbe hutokeza, akilala hurudi ndani. Majirani huuita mshipa, na kwa kuwa haumuumi, hajauonyesha kwa daktari.

Uvimbe huo ni ngiri. Ukuta wa tumbo umelegea mahali pamoja na kuacha tundu, na kipande cha utumbo hupita hapo. Ni tofauti na busha, ambalo ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani na ambalo halirudi ndani mtu akilala. Busha haliwezi kuziba utumbo, lakini ngiri inaweza.

Saa 10 jioni, akipakia magunia ya mbaazi, mkulima huyo anahisi uvimbe umeshuka ghafla na kuuma. Anajilaza kama kawaida yake, lakini safari hii haurudi. Umekuwa mgumu. Utumbo umenaswa kwenye tundu.

Kinachofuata kinatokana na kazi ya kawaida ya mwili. Kila siku mate, tumbo, nyongo, kongosho na utumbo wenyewe humwaga ndani ya njia ya chakula takriban lita saba za majimaji, na karibu yote hunyonywa tena kabla ya kufika mwisho. Njia ikiziba, majimaji hayo na hewa hubaki juu ya kizuizi. Utumbo hujikaza kwa nguvu kujaribu kuyasukuma, na hapo ndipo maumivu huja na kuondoka kila baada ya dakika chache.

Saa 3 usiku mkulima anaanza kutapika. Kwanza chakula cha mchana, kisha majimaji ya kijani yenye nyongo. Akichelewa zaidi atatapika majimaji ya kahawia yenye harufu ya kinyesi. Kizuizi kikiwa juu, karibu na tumbo la chakula, matapishi huja mapema na tumbo halivimbi sana. Kikiwa chini, tumbo huvimba kwanza na matapishi huchelewa. Kwa hiyo mgonjwa mwenye tumbo lililojaa ambaye hajatapika bado asihesabiwe kuwa salama.

Choo nacho kinaweza kudanganya. Kinyesi kilichokuwa chini ya kizuizi kinaweza kutoka mara moja mwanzoni, na familia ikaamini kuwa tumbo limefunguka. Swali la kumuuliza mgonjwa ni kama hewa inaendelea kutoka. Anayetapika kwa sababu ya chakula kibaya kwa kawaida huharisha. Ambaye utumbo wake umeziba kabisa hufikia mahali hatoi choo wala hewa.

Hatari kubwa zaidi hutokea ndani ya ngiri. Tundu linabana pia mishipa ya damu inayolisha utumbo. Damu hushindwa kwanza kutoka, utumbo huvimba, kisha damu mpya hushindwa kuingia. Maumivu yaliyokuwa ya vipindi huwa ya moja kwa moja, ngozi juu ya uvimbe inaweza kuwa nyekundu, mapigo ya moyo huenda mbio na homa hupanda. Utumbo ukioza na kutoboka, kinyesi humwagika tumboni na vijidudu huingia kwenye damu.

Mkulima akifikishwa hospitalini saa 4 usiku, kazi ya kwanza si kisu. Hazuiwi chakula tu, bali hata maji ya kunywa. Huwekewa dripu kurudisha maji na chumvi alizopoteza, mpira hupitishwa puani hadi tumboni kunyonya majimaji yaliyojaa, na mpira mwingine huwekwa kwenye kibofu. Kwa mtu wa kilo 60, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa ni ishara kuwa maji yanatosha na mwili unaweza kustahimili upasuaji.

Wakati huohuo daktari humvua nguo na kukagua vinena vyote viwili pamoja na makovu ya upasuaji wa zamani. Hatua hii ni muhimu hasa kwa wanawake, ambao ngiri yao ya juu ya paja inaweza kuwa ndogo kama kokwa la embe na kupita bila kuonekana. Picha ya eksirei huonyesha utumbo uliotanuka, na mgonjwa akisimama, mistari ya maji na hewa iliyopangana kama ngazi.

Katika chumba cha upasuaji utumbo hufunguliwa kutoka kwenye tundu, hufunikwa kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu na kuangaliwa kwa dakika kadhaa. Ukirudi kuwa wa waridi na kucheza, hurudishwa ndani na tundu hushonwa. Ukibaki mweusi na kulala, kipande hicho hukatwa na ncha mbili kuunganishwa.

Hapo ndipo saa zinapoonekana. Mkulima yuleyule akinywa dawa ya kuharisha usiku ule na kufika kesho yake mchana, takriban saa 20 baada ya uvimbe kunasa, huenda akahitaji kupasuliwa tumbo zima, kukatwa utumbo na kulazwa kwa muda mrefu zaidi. Dawa ile husukuma utumbo dhidi ya mahali palipofungwa. Kuusukuma uvimbe kwa nguvu kuurudisha ndani nako si salama, kwa kuwa utumbo uliokwisha kufa unaweza kurudi tumboni na kutobokea huko.

Si kila aliyeziba hukatwa. Utumbo ulioshikamana kutokana na upasuaji wa zamani wakati mwingine hufunguka kwa dripu na mpira wa puani peke yake. Hata hivyo, uamuzi wa kusubiri ni wa daktari wa upasuaji anayempima mgonjwa mara kwa mara, na hauwezi kufanyika nyumbani wala dukani.

Kwa mkazi wa Babati, zahanati inaweza kuwa mahali pa kuanzia, lakini isiwe mahali pa kulala. Mgonjwa mwenye dalili hizo anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, na ni vyema aende bila kula wala kunywa, na familia itaje saa maumivu yalipoanza. Mwenye ngiri inayorudi ndani bado ana nafasi ya kuishonesha kwa siku iliyopangwa, kabla haijanasa.