Kuficha jina la mtoto hakutoshi: namna ya kukagua andiko mbele ya kulitoa

Katika Kongo, sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inahesabu kuwa mtoto kila mtu asiyefikisha miaka 18. Mtoto aliyetoka katika kundi la silaha, aliyebakwa au anayeshitakiwa hatajwi jina wala haonyeshwi uso, hata kama mzazi amekubali. Waandishi wengi wanajua hilo, na wanapopata habari kutoka grupe ya WhatsApp wanaiandika upya na kubadilisha jina. Lakini mara nyingi jirani anasoma na kusema papo hapo: "Huyu si mutoto wa kwa mchungaji?"

Sababu ni kwamba jirani hatambui mtu kwa jina peke yake. Anaunganisha vipande vidogo. Tuchukue mfano wa habari iliyoandikwa upya hivi:

"Amani (si jina lake la kweli), miaka 15, wa kijiji kimoja karibu na Sake, alirudi nyumbani Jumatano kisha miezi saba msituni. Babu yake, mchungaji, alimpokea kwa machozi."

Jina limefichwa vizuri. Yanabaki mambo matano: miaka, kijiji, siku, miezi na kazi ya babu. Mkaguzi anapiga mstari chini ya kila moja na kujiuliza: neno hili ni kweli kwa nyumba ngapi? Vijana wa miaka 15 ni wengi. Lakini wachungaji wenye mjukuu aliyerudi Jumatano, katika vijiji vya karibu na Sake, pengine ni mmoja tu. Hapo kundi lililompoteza kijana linajua mahali pa kumfuata, na mtu mwenye kisasi naye anajua.

Dawa yake si kudanganya, ni kupanua. Kijiji kinakuwa wilaya, siku inakuwa "mwaka huu", hesabu ya miezi inakuwa "miezi kadhaa", na kazi ya babu inatoka kabisa:

"Kijana mmoja wa chini ya miaka 18, wa wilaya ya Masisi, alirudi kwa jamaa yake mwaka huu kisha kukaa miezi kadhaa katika kundi la silaha. Mzee mmoja wa jamaa alimpokea kwa machozi."

Habari ingali ya kweli, na msomaji hakupoteza kitu cha maana. Jina la kupewa, kama linabaki, lisiwe la ndugu yake wala la mwanafunzi mwenzake, maana mzigo utamwangukia mwingine.

Kisha picha. Kufunika macho kwa mstari mweusi hakufichi mtu: nywele, kidevu, kovu na namna ya kusimama vinabaki. Inifomu ya shule, kibao cha duka nyuma yake au mama aliyemshika mkono vinasema mengi kupita uso. Iliyo salama ni picha mpya ya mikono au ya mgongo, bila kitu cha kuonyesha mahali. Jina la faili nalo linasomwa: picha iliyohifadhiwa kwa jina la mtoto inabadilishwa jina. Telefone ikiwa imewashwa GPS, picha inaweza kubeba mahali ilipopigwa. Ikitumwa katika WhatsApp kama picha ya kawaida habari hizo zinaondoka, lakini ikitumwa kama dokima zinabaki. Na kama kuna sauti, mtu mwingine asome maneno ya mtoto, maana sauti inajulikana sawa na uso.

Kosa lingine liko katika andiko la kwanza. Kwenye Facebook, kusahihisha andiko lililokwisha kutoka hakufuti maneno ya zamani, kwa maana wanaoliona wanaweza kufungua historia ya masahihisho. Lifutwe lote, na jipya litolewe peke yake. Tena, kama andiko jipya limebeba sentensi nzima ya lile la kwanza, mtu akitafuta sentensi hiyo anaweza kufika kwenye jina. Maneno hayo yasimuliwe kwa namna nyingine.

Mwisho, andiko linapewa mtu wa eneo lile lile anayeaminika, ambaye hakuambiwa habari inamhusu nani. Akibahatisha mtoto, kazi haijaisha. Asipobahatisha, bado haihakikishi kila kitu, maana shangazi wa mtoto anajua kumpita. Kama vipande haviwezi kupanuliwa bila kuua habari, basi habari hiyo inabaki katika kijitabu.

Kwa mtoto aliyepotea ni kinyume: uso na jina ndivyo vinavyomrudisha. Hapo inawekwa namba ya kuitia watu, si nyumba wala avenyi ya wazazi. Siku anapopatikana, tangazo linafutwa kila mahali, na grupe zote zilizolipokea zinaombwa kulifuta.