Mwalimu anapokaukiwa sauti kwa wiki nyingi

Walimu wengi huzoea sauti kukauka, hasa mwisho wa muhula. Mafua ya kawaida huweza kuharibu sauti, lakini hali hiyo hupona katika wiki 1 au 2. Sauti inayoendelea kukwaruza baada ya wiki 4 inahitaji daktari aangalie nyuzi za sauti zenyewe. Kwa mvutaji wa tumbaku, tunashauri asingoje hata hizo wiki 4.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwanamke wa miaka 41. Anafundisha watoto 58 katika darasa moja, na Jumamosi anafanya mazoezi ya kwaya. Alipata mafua, akaendelea kufundisha, na sasa sauti imekauka kwa wiki 5. Amekwisha kununua antibiotiki mara mbili bila nafuu. Hilo si ajabu: mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi.

Swali la kwanza la kumwuliza ni hili: sauti ni mbaya zaidi saa gani? Yeye anajibu kwamba asubuhi inatoka vizuri kiasi, saa sita inapasuka, na jioni karibu inapotea. Siku za mapumziko hupata nafuu. Mwenendo huo unaelekeza kwenye matumizi makubwa ya sauti. Nyuzi mbili za sauti hugongana mara nyingi sana kila sekunde tunaposema. Anayepaza sauti kila siku huziumiza mahali palepale, na pande zote mbili huota vinundu vidogo kama sugu ya mkono wa mkulima. Vinundu huzuia nyuzi kufunga vizuri, hewa inavuja, naye anazidi kujikaza ili asikike.

Kama angesema kwamba asubuhi ndiyo mbaya, kwamba anasafisha koo kila mara na kuhisi kitu kimekwama kooni, tungefikiria asidi ya tumbo inayopanda usiku. Wengine wenye hali hiyo hawasikii kiungulia kabisa. Husaidia kula chakula cha jioni saa 3 kabla ya kulala, na kuinua kichwa cha kitanda kwa vipande vya mbao au matofali.

Lakini majibu ya mgonjwa hayatoshi. Daktari wa masikio, pua na koo hutazama kwa kioo kidogo kinachoingizwa mdomoni, au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Kwa mwalimu wetu alikuta vinundu viwili vinavyoelekeana. Hakuna upasuaji uliofanyika. Alipunguza kusema kwa wiki kadhaa, akaacha kwaya kwa muda, akanywa maji mara kwa mara, akapiga makofi badala ya kupaza sauti, na kuwasogelea watoto anaposema nao. Alikatazwa pia kunong’ona kwa nguvu, maana kunaweza kuzikaza nyuzi. Vinundu vya namna hii huhitaji wiki au miezi ili vipungue.

Sasa tumweke kando yake mwalimu mwanamume wa miaka 56, mvutaji wa sigara. Sauti yake haina asubuhi wala jioni. Kila wiki inazidi kuharibika, na likizo haikuleta nafuu. Hapo saratani ya koo la sauti lazima itafutwe. Ikianzia kwenye nyuzi za sauti, huonyesha dalili mapema kwa kukausha sauti, na ikigunduliwa ikiwa ndogo wengi hupona. Anayekunywa dawa za koo kwa miezi sita anapoteza nafasi hiyo.

Katika nchi yetu tusisahau pia kifua kikuu, ambacho huweza kushika koo la sauti. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku na kukonda vinadai makohozi yapimwe bila kuchelewa, kwa sababu mgonjwa anaweza kuambukiza darasa zima na nyumba yake. Sauti dhaifu yenye pumzi nyingi, pamoja na kupaliwa na maji, inaweza kuonyesha kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti umelemaa. Sababu inaweza kuwa uvimbe shingoni au kifuani, au upasuaji wa tezi ya shingo.

Usingoje wiki 4 ukiona mojawapo ya haya: kukohoa damu, chakula kukwama, uvimbe shingoni, maumivu ya koo yanayopanda sikioni, au kukonda bila sababu. Pumzi ikianza kutoa mlio na kuwa ngumu, nenda hospitali mara moja.

Unapokwenda kwa mganga, mweleze tarehe sauti ilipoanza kukauka, saa ambazo ni mbaya, kama unavuta sigara, na dawa zote ulizokwisha kunywa.