Ngazi na Umbali: Tu na Vous katika Barua Pepe za Kifaransa

Mwanafunzi wa Dar es Salaam akimwomba mkuu wa idara yake fomu kwa barua pepe, ataandika "naomba unitumie fomu". Akimwomba rafiki anayeishi naye bweni moja, anaweza kuandika maneno yaleyale. Kiambishi u- hakijui nani ni nani. Heshima imekaa kwingine: katika "Shikamoo Mwalimu" inayotangulia, katika "Dkt." au "Mheshimiwa", na katika kusema "naomba unitumie" badala ya "nitumie" kavu. Hata neno "wewe", ambalo lingeweza kumkera mkubwa, halihitajiki, maana kiambishi kinatosha. Mwandishi wa Kiswahili huongeza au kupunguza adabu kandokando ya kitenzi, na nafsi ya pili inabaki ilivyo.

Kifaransa hakimpi uhuru huo. Ombi lilelile lina sura mbili: Peux-tu m'envoyer le formulaire ? na Pouvez-vous m'envoyer le formulaire ? Ukishachagua, uchaguzi huo unakufuata hadi mwisho wa barua. Tu inadai ton dossier, s'il te plaît na Bien à toi. Vous inadai votre dossier, s'il vous plaît na Bien à vous. Hakuna umbo la tatu la katikati, na msomaji wa Kifaransa hulitambua kosa kabla hajafika kwenye ombi lenyewe.

Mswahili anayeanza kuandika Kifaransa kwa kawaida huitafsiri vous kuwa aina ya shikamoo: wakubwa wape vous, wa rika lako wape tu. Kanuni hiyo inaanguka mapema. Mfaransa katika familia nyingi humwita mama yake tu. Humwita Mungu tu vilevile: sala ya Baba Yetu ya Wakatoliki wa Kifaransa iliacha vous mwaka 1966. Kwa upande mwingine, Rais Jacques Chirac na mkewe Bernadette waliitana vous katika ndoa iliyodumu miongo mingi. Na karani wa miaka 22 katika ofisi ya udahili, ambaye kwetu angekusalimia yeye kwanza, anastahili vous yako kuanzia mstari wa kwanza, kwa sababu tu hamjuani.

Kwa hiyo shikamoo hupima ngazi: umri, cheo, nani alitangulia duniani. Vous ya leo hupima zaidi umbali: tumekaribiana kiasi gani, na nani amekubali ukaribu huo. Haikuwa hivyo sikuzote. Roger Brown na Albert Gilman, katika utafiti wao wa mwaka 1960, walieleza jinsi viwakilishi hivi katika lugha za Ulaya vilivyotumikia kwanza mamlaka na baadaye mshikamano. Zamani bwana alimwambia mtumishi tu, akajibiwa vous. Ndiyo maana wanamapinduzi wa Ufaransa mwaka 1793 walitaka raia wote waitane tu. Hoja hiyo haikuwa sheria, lakini kwa muda ilienea sana. Tanzania ya ujamaa ilipotaka usawa wa namna hiyo ilishika chombo kingine: iliacha kitenzi kama kilivyo, ikabadilisha jina la kuitia, kila mtu akawa "Ndugu".

Mabaki ya ngazi bado yapo. Juni 18, 2018, huko Mont-Valérien karibu na Paris, kijana mmoja alimwita Rais Emmanuel Macron kwa jina la utani, "Manu". Rais alimkemea, akamtaka amwite "Monsieur le Président" au "Monsieur", na katika kumkemea alimwambia tu. Mtu mzima kumpa kijana tu huku akitarajia vous ni mpangilio ambao mtoto wa Tanga angeufahamu upesi, kwa kuwa naye hutoa shikamoo akapokea marahaba. Lakini kati ya watu wazima kazini mpangilio huo wa upande mmoja unaudhi. Kanuni ya leo ni kupeana kilekile.

Tuufuate mfano mmoja. Mhitimu wa Morogoro anamwandikia profesa wa Lyon kumwomba asimamie tasnifu yake. Anaanza Madame, au Bonjour Madame, bila jina la ukoo kufuata, kisha Je me permets de vous écrire, na kumalizia Je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées. Profesa anajibu kwa mistari mitatu, Bien cordialement, na chini anaweka jina la kwanza peke yake, tuseme Claire. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Jina la kwanza halijafungua mlango wa tu. Jibu zuri ni Bonjour Claire, lifuatwe na pourriez-vous: jina limekaribia, kitenzi kimebaki mbali. Mchanganyiko huu ni wa kawaida kabisa maofisini. Mlango unafunguka pale Claire mwenyewe atakapoandika tu, au atakapouliza On peut se tutoyer ? Kupendekeza ni haki ya mwenye cheo au umri mkubwa. Ngazi inarudi hapa, kama mamlaka ya kutoa ruhusa.

Kabla ya ruhusa, Wafaransa wenyewe wanapositasita hukwepa. Merci de m'envoyer le formulaire haina nafsi ya pili. Serait-il possible de se voir mardi ? haina pia. Barua fupi inaweza kupita hivyo, ingawa ikiwa ndefu mkwepo utaonekana. Barua ya watu wengi ni rahisi zaidi, kwani vous ndiyo wingi wa wote, na aliyezoeana nawe haoni ajabu. Ugumu uko pale unapomwandikia mwenzako mmoja, bosi akiwa kwenye nakala. Wengi huendelea na tu, maana kugeuka ghafla kungeonekana mchezo wa kuigiza.

Makosa mawili humtambulisha mgeni haraka. La kwanza ni kunakili sentensi kutoka barua mbili, hadi Veuillez ikakaa jirani na ton dossier. La pili ni kumwandikia mtu mmoja vous êtes disponibles. Kitenzi kimo katika wingi, lakini sifa hubaki katika umoja, disponible, bila s.

Kuna kitu ambacho Kifaransa cha Ufaransa hakina: njia ya kumkaribia mzee bila kumshusha. Ukimpa tu mwenzako wa miaka sitini, tofauti ya umri inafutika katika sentensi. Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, wanaoishi na lugha zote mbili, huziba pengo hilo kwa kumwita mtu Papa au Maman hata wanapozungumza Kifaransa. Huko Lyon, Maman Claire ingeshtua.

Mifumo hii inakutana katika kurudi nyuma. Mkishaanza kupeana tu, barua inayorudi kwenye vous husomwa kama hasira, hata kama aliyeiandika alitaka tu kuonyesha adabu. Ndivyo inavyokuwa kwetu kijana aliyezoea kumwamkia jirani anapopita siku moja bila shikamoo: jirani ataanza kujiuliza amemkosea nini. Basi anayesitasita abaki kwenye vous. Kutoka hapo kwenda tu ni hatua inayokaribishwa, ilhali kurudi kunadai maelezo.