Kwa nini mhusika wa gemu husahau ulichoamua?

Umemtendea mtu wema ndani ya gemu. Saa kadhaa baadaye mtu yuleyule anakulaumu kwa ubaya ambao hukuufanya. Wanaocheza gemu za hadithi, zile za kuchagua jibu kati ya mawili au matatu, wanaijua hali hii. Makala haya yanaeleza inatokana na nini na namna ya kuitambua.

Kisa cha Conrad Verner

Mfano unaojulikana sana uko katika gemu za Mass Effect za kampuni ya BioWare ya Kanada. Katika gemu ya kwanza, ya mwaka 2007, Kamanda Shepard anakutana na shabiki wake, Conrad Verner, anayetaka kuwa askari wa kikosi maalumu kama yeye. Mchezaji anaweza kumshauri kwa upole arudi nyumbani kwa mkewe, au kumtisha kwa kumwelekezea bunduki usoni.

Gemu ya pili, ya mwaka 2010, iliweza kusoma faili lililohifadhiwa kutoka gemu ya kwanza, ili maamuzi ya mchezaji yaendelee. Lakini hata wachezaji waliomshauri Conrad kwa upole walimsikia akilalamika kwamba alielekezewa bunduki. Ilikuwa hitilafu. Katika gemu ya tatu, ya mwaka 2012, waandishi walimfanya Conrad aombe radhi kwa maneno yale, akisema alikuwa na msongo wa mawazo.

Gemu hukumbukaje?

Mhusika wa gemu hakumbuki mazungumzo yenu. Kinachokumbuka ni programu, na inakumbuka kile tu ilichoagizwa kuandika. Ni kama daftari la madeni dukani. Muuzaji wa asubuhi akipokea malipo bila kuyaandika, muuzaji wa jioni atakudai tena. Si kwamba ana nia mbaya, ila daftari linaonyesha hujalipa.

Tutunge mfano mdogo wa kisa kama hicho kwa Ink, lugha ya kuandikia hadithi za kuchagua:

```
VAR alishauriwa = false

* [Mtishe]
* [Mshauri]
- {alishauriwa: Asante kwa ushauri.|Ulinitisha!}
```

Mstari wa kwanza unafungua alama iitwayo `alishauriwa` na kuiandika `false`, yaani hapana. Mistari miwili inayofuata ni machaguo ya mchezaji. Mstari wa mwisho unaitazama alama: ikiwa ndiyo, mhusika anashukuru, ikiwa hapana, analaumu.

Kosa liko kwenye Mshauri. Hakuna agizo la kubadili alama, kwa hiyo inabaki hapana, na aliyeshauriwa analaumu sawasawa na aliyetishwa. Dawa ni kuongeza mstari mmoja chini ya Mshauri:

```
  ~ alishauriwa = true
```

Kuna kosa la pili lililojificha hapo. Mwandishi amechukulia kwamba asiyeshauriwa lazima alitishwa. Je, kama mchezaji hakukutana naye kabisa? Alama itakuwa hapana vilevile, na mtu ambaye hamjawahi kuonana atakulaumu. Mwandishi makini huweka hali tatu: alishauriwa, alitishwa, na haijulikani. Kwa hii ya tatu, mhusika hupewa salamu ya kawaida isiyotaja yaliyopita.

Hitilafu au makusudi?

Si kila usahaulifu ni hitilafu. Machaguo 10 yenye majibu mawili mawili huzaa njia 1,024, na hakuna anayeweza kuandika hadithi kamili kwa kila moja. Kwa hiyo waandishi huachanisha njia kwa muda mfupi kisha huziunganisha tena. Mhusika asipotaja kabisa uamuzi wako, huenda njia ziliunganishwa kwa makusudi. Akitaja jambo ambalo hukulifanya, hapo kuna kosa.

Unaweza kupima mwenyewe. Hifadhi gemu kabla ya uchaguzi, katika nafasi tofauti na ile unayoendelea nayo. Fuata njia ya kwanza mpaka mhusika aseme, kisha rudi na ufuate ya pili. Maneno ya lawama yakiwa yaleyale katika njia zote mbili, alama haikuandikwa au haisomwi. Yakibadilika, kumbukumbu inafanya kazi, na labda ulichagua jibu ambalo maana yake hukuielewa. Hilo hutokea sana pale kitufe kinapoonyesha maneno mawili tu ilhali mhusika wako anatamka sentensi nzima.

Ukiwaandikia watengenezaji, taja jibu ulilochagua, mahali lawama ilipotokea, na kama ulihamisha faili kutoka gemu au simu nyingine. Kwa hayo matatu wataanza kutafuta ukurasa wa daftari ulioachwa wazi.